Afisa Ugani Kati ya Mtendaji na Mkuu wa Idara

Msikilizaji, afisa ugani wa kata nchini Tanzania ana wakubwa wawili: Mtendaji wa Kata kwa utawala, na mkuu wa idara ya kilimo halmashauri kwa taaluma. Tuseme leo Jumatatu idara inataka orodha ya wakulima wa mbolea ya ruzuku kufikia Jumatano, huku Mtendaji akimtaka siku hizohizo kwenye mikutano ya vijiji. Wengi huwaitikia wote "sawa", kisha hukesha. Hapo ndipo imani huvunjika, kwani kila mkubwa amepanga kazi akitegemea siku ambazo hazipo. Afadhali wote wapate ujumbe mmoja: kazi ni hizi, siku ni mbili, napendekeza nianze na orodha kwa kuwa mbolea haingoji mvua ipite, mkutanoni nitafika Jumatano mchana; msipokubaliana, naomba mnielekeze kwa pamoja.

Atakayesema huko ni kuwagonganisha wakubwa ana hoja, maana ujumbe wa ghafla humwaibisha mtu. Basi afisa ampigie simu kwanza yule ambaye kazi yake itasogezwa, ndipo aandike. Kinachogonganisha hasa ni kumwambia Mtendaji "idara imekataa", na idara yenyewe haijaulizwa.