Ukumbi Unapokodishwa na Idadi ya Watu Haijulikani

Mazungumzo na viongozi wa vyama, Kangemi

Wengi wenu mnatafuta ukumbi wa mkutano wa Desemba, huko mjini au hapa kando ya Waiyaki Way, na hamjui kama watakuja watu 300 au 100. Mkiingia ofisini mnapigania bei. Mimi nawaomba mpiganie tarehe.

Mwenye ukumbi hauzi viti, anauza Jumamosi. Ukimrudishia Jumamosi yake siku 30 kabla, atapata mteja mwingine. Ukimrudishia siku 7 kabla, ukumbi utalala tupu. Kwa hivyo ukitaka amana ndogo, jitolee kuamua mapema. Ukitaka kuamua dakika za mwisho, jiandae kulipa zaidi.

Tuseme ukumbi mkubwa ni shilingi 60,000 na mdogo, ndani ya jengo hilo hilo, ni 25,000. Omba washikiliwe nyote wawili siku 14 bila malipo, mpaka siku na saa iliyotajwa. Baada ya hapo lipa amana ya 6,000 kwa ule mkubwa. Kisha wekeni siku ya uamuzi, siku 30 kabla ya mkutano. Mpaka siku hiyo mnaweza kujiondoa na kupoteza 6,000 tu, au kuhamia ukumbi mdogo ukiwa bado wazi, na 6,000 ihesabiwe kwenye bei yake. Ikipita, mnadaiwa nusu ya bei, yaani 30,000.

Tena ombeni hivi: akija mteja mwingine kabla hamjalipa amana, mpigiwe simu na mpewe siku 2 za kulipa au kuachilia.

Siku ya uamuzi, msihesabu waliosema "tutakuja". Hesabuni waliolipa pesa ya chakula. Kwa hiyo mchango huo ufungwe siku 3 kabla ya siku ya uamuzi, si baada yake.

Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa, "Usijali, nafasi yako ipo." Sikuandikiwa kitu. Muda ukaisha Ijumaa kimyakimya, na Jumatatu ukumbi ulikuwa wa mtu mwingine. Yote yaandikwe: siku, saa, kiasi, na nani wa kuarifiwa. Amana ya uharibifu iandikwe kando, maana hiyo hurudishwa baada ya ukaguzi.

Kumbi za kaunti, kama Charter Hall pale City Hall, ni tofauti kidogo. Ada zake huwekwa na Sheria ya Fedha ya Kaunti, hivyo afisa hana ruhusa ya kukupunguzia. Muulize mambo mawili: ombi langu litashikiliwa mpaka lini kabla sijalipa, na nikighairi, pesa gani inarudi? Lipa kwa njia rasmi pekee na utunze risiti.