Punje Zinazovimba: Jinsi Zirkonia Inavyouzuia Ufa, na Gharama Yake

Ukifinyanga kikombe kwa unga wa zirkonia tupu na kukichoma kwa nyuzi 1500 za Selsiasi, humo tanurini kitakuwa kizima. Kitapasuka wakati wa kupoa. Zirkonia ina maumbo matatu ya fuwele: juu ya nyuzi 2370 hivi ni umbo la mchemraba, kati ya nyuzi 2370 na 1170 ni umbo la tetragoni, na chini ya hapo ni umbo la monokliniki. Inapopoa na kuhama kutoka tetragoni kwenda monokliniki, kila punje huvimba kwa asilimia 4 hadi 5 ya ujazo wake na kuupinda mwili wake papo hapo. Kauri haina namna ya kunyumbuka ili iupokee uvimbe huo, kwa hiyo kikombe huvunjika vipande vipande bila kuguswa na mtu. Kwa miaka mingi watengenezaji wa kauri waliona badiliko hili kuwa adui wa kudhibitiwa tu. Mwaka 1975 Garvie, Hannink na Pascoe, watafiti wa shirika la CSIRO nchini Australia, walieleza katika jarida la Nature kwamba uvimbe uleule, ukicheleweshwa na kuachwa utokee mahali panapotakiwa, unaweza kuifanya kauri ikatae kuvunjika. Makala yao waliiita kwa swali: je, hiki ni chuma cha kauri? Hoja ya mada hii ni kwamba walikuwa na haki ya kuuliza hivyo, lakini ushupavu walioupata unatokana na hali isiyotulia ndani ya fuwele. Kwa sababu hiyo, kila anayetumia zirkonia lazima aamue ni kiasi gani cha kutotulia huko anaweza kuishi nacho.

Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa sana. Ugumu ni uwezo wa kutokwaruzwa, na kauri inao tele. Ushupavu ni uwezo wa kuvumilia ufa ambao tayari upo, na hapo ndipo kauri inaposhindwa. Griffith alionyesha mwaka 1920, kwa majaribio ya kioo, kwamba kitu kinachovunjika kwa wepesi huanzia kwenye kasoro ndogo inayoukusanya mkazo kwenye ncha yake. Kwa ufa wa ukingoni hesabu ni fupi:

K = 1.12 × σ × √(πa)

Hapa σ ni mkazo unaovuta, a ni kina cha ufa, na K ikifikia kiwango cha ushupavu wa kitu hicho, ufa unakimbia. Tuseme kipande cha kauri kinavutwa kwa megapaskali 300. Alumina ya kawaida ina ushupavu wa takriban 4 MPa√m, na hesabu inatoa kina cha maikromita 45: ufa mwembamba kuliko unywele unatosha kukimaliza. Zirkonia iliyotengenezwa kwa magnesia inaweza kufikia 10 MPa√m, na kwa mkazo uleule inavumilia ufa wa maikromita 280 hivi, yaani zaidi ya robo milimita. Ushupavu umezidi mara mbili na nusu, lakini kina cha ufa kinachovumilika kimezidi zaidi ya mara sita, kwa kuwa kinakua kwa mraba. Ufa wa robo milimita fundi anaweza kuuona kwa lenzi ya mkononi. Ule wa maikromita 45 utampita.

Kuchelewesha badiliko kunafanywa kwa kuchanganya kidogo cha oksidi nyingine. Katika zirkonia ya kofia za meno na viungo bandia, kinachochanganywa mara nyingi ni itria, asilimia 3 kwa hesabu ya moli. Itria hiyo, pamoja na punje kuwekwa ndogo, kwa kawaida chini ya nusu ya maikromita, na majirani wanaoibana kila punje pande zote, huifanya zirkonia ibaki na umbo la tetragoni hadi kwenye joto la chumbani, mahali ambapo kwa haki yake ingekuwa monokliniki. Punje hizi zimenaswa, kama mtego uliotegwa. Ufa unapokuja, mkazo kwenye ncha yake huzivuta punje zilizo mbele na kuulegeza mbano uliokuwa ukizizuia. Hapo punje hugeuka na kuvimba. Lakini zinavimba ndani ya mwili ambao haujageuka, kwa hiyo badala ya kuupasua huzisukuma kingo za ufa zirudiane. Ufa unavyosonga mbele unaacha nyuma yake utepe wa punje zilizovimba kulia na kushoto, na utepe huo unaendelea kuubana. Matokeo yake ni kwamba kadiri ufa unavyorefuka mwanzoni, ndivyo nguvu inayohitajika kuusukuma inavyopanda. Kwenye kioo hakuna kinachopanda hivyo.

Mtu anaweza kupinga kwamba haya yote ni mzunguko mrefu: kwa nini tusing'arishe kauri vizuri zaidi, tukaondoa kasoro, na kuacha fuwele zilivyo? Pingamizi hili lina nguvu, maana unga safi zaidi na uchomaji bora vimeiongezea kauri uimara mwingi bila kugusa ushupavu. Lakini kasoro hazizaliwi kiwandani peke yake. Jino linasagana na jino lingine lenye mchanga wa chakula katikati, na kichwa cha kiungo cha nyonga kinaweza kukwaruzwa na kifaa cha chuma siku kinapowekwa. Uso uliong'arishwa unalinda hadi mkwaruzo wa kwanza. Ushupavu unaanza kufanya kazi baada ya mkwaruzo huo.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Ikiwa punje zinasubiri sababu ya kugeuka, nani amesema sababu hiyo itakuwa ufa peke yake? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilithibitika kwamba maji nayo yanaweza. Zirkonia yenye itria ikikaa kwenye unyevu kati ya nyuzi 65 na 300 hivi, hasa karibu na 250, punje za usoni hugeuka taratibu bila mkazo wowote wa nje. Punje moja ikivimba inamsukuma jirani, jirani naye anageuka, na kati yao hufunguka nyufa ndogo zinazopeleka maji ndani zaidi. Uso uliokuwa laini kama kioo unakwaruza. Katika mwili wa binadamu, penye nyuzi 37, mwendo huo ni wa polepole sana, na kwa muda mrefu iliaminika kuwa hauna haja ya kuhofiwa.

Mwaka 2001 imani hiyo ilivunjika. Vichwa vya nyonga vya zirkonia kutoka kiwanda kimoja cha Ufaransa vilianza kupasuka ndani ya wagonjwa, vingi vikiwa vimewekwa muda mfupi tu kabla, na bidhaa hiyo ikaondolewa sokoni. Vilivyovunjika vilikuwa mamia, lakini havikutawanyika ovyo: vilijikusanya kwenye mafungu machache ya uzalishaji. Kilichobadilika kiwandani kilikuwa tanuri. Uchomaji wa fungu moja moja ulikuwa umeachwa, na vichwa sasa vilipita kwenye tanuri refu la mfululizo. Uchunguzi ulielekeza kwenye kiini cha kichwa, sehemu ambayo haikushikamana vizuri kama uso. Kiini hicho kingebaki kimefunikwa, kama si tundu linalochimbwa ili kichwa kikae kwenye shina la chuma. Tundu lilikifichua, unyevu ukaingia, na punje zikaanza kugeuka kuanzia ndani, upande ambao hakuna mkaguzi wa uso angeuangalia. Somo la kiufundi hapa ni mahususi: zirkonia ileile, yenye itria ileile, ilidumu au ikafa kutokana na namna ilivyochomwa.

Tangu hapo hakuna udhuru wa kutopima. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13356 kinataka sampuli iwekwe kwenye mvuke wa nyuzi 134, chini ya shinikizo, kwa saa 5, kisha ichunguzwe kwa eksirei. Fuwele za tetragoni huonyesha kilele kimoja karibu na pembe ya digrii 30.2, na za monokliniki viwili vinavyosimama kando yake, karibu na 28.2 na 31.5. Vilele hivyo vya pembeni vikinyanyuka, unaziona punje zilizokwisha kugeuka kabla jicho halijaona lolote. Kiwango kinaruhusu zisizidi asilimia 25.

Atakayeuliza kwa nini tusiongeze itria mpaka punje zitulie kabisa, jibu lake liko kwa fundi wa meno. Kwa meno ya mbele wagonjwa wanataka kofia inayopitisha mwanga kama jino halisi, na viwanda vimewapa zirkonia yenye itria ya asilimia 5. Sehemu kubwa ya fuwele zake ni za mchemraba, ambazo hazigeuki kwa maji wala kwa kingine. Haizeeki, ni nzuri kwa macho, na ushupavu wake umeshuka hadi karibu nusu. Ufa ukifika, hakuna mtego. Daktari anayeiweka kwenye jino la kutafunia kama alivyozoea kuweka ile ya asilimia 3 ameibadilisha kauri bila kujua, ingawa neno lililoandikwa kwenye kopo ni lilelile, zirkonia.

Kuna njia nyingine ambazo hazitegemei kugeuka kwa punje, na kwenye joto kali ndizo pekee zinazofaa, kwa sababu zirkonia ikipashwa moto tetragoni inatulia na mtego unakosa chemchemi. Nitridi ya silikoni huchomwa ili punje zake zikue ndefu kama vijiti, na ufa unalazimika kuzizunguka. Njia ya nyuzi inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa inafundisha jambo linalopingana na hisia zetu. Nyuzi za kabidi ya silikoni zikizikwa ndani ya kabidi ya silikoni na kushikamana nayo barabara, ufa unazikata zote kana kwamba hazipo. Zikipakwa kwanza utando mwembamba wa nitridi ya boroni, ulio dhaifu kwa makusudi, ufa ukifika kwenye uzi unageuka na kufuata utando, uzi unabaki mzima ukiziunganisha kingo mbili, na kuuchomoa kunakula nishati kwa msuguano. Vipande vya namna hii sasa vimo ndani ya injini za ndege za abiria, karibu na mabapa ya tabo. Gharama yake ni kubwa, na oksijeni ikipenya hadi kwenye utando kwenye joto kali, ule udhaifu uliopangwa unapotea.

Kwa nyonga, suluhisho lililotawala baada ya 2001 halikuwa kuiacha zirkonia. Iliwekwa kama mgeni ndani ya alumina, kwa takriban asilimia 17 ya ujazo. Alumina ni ngumu kunyumbuka kuliko zirkonia, hivyo inazibana punje vizuri. Na kwa kiasi hicho punje nyingi za zirkonia zimetenganishwa, zikizungukwa na alumina isiyojali maji. Punje ya usoni ikigeuka kwa unyevu, haina jirani wa kumsukuma, na msururu unakatika hapo hapo. Ufa ukija bado punje inageuka, bado inavimba, na bado inaubana. Zirkonia ikiongezwa kupita kiasi hicho punje zinaanza kugusana na njia ya maji inafunguka tena. Ikipunguzwa mno, ufa unapita katikati ya mitego iliyo mbalimbali mno. Nafasi ya kufanya kazi kati ya mipaka hiyo miwili ni nyembamba, na inabidi ipimwe upya kila unga au tanuri linapobadilishwa.