Namba Tatu Zilizokataa Kujumlika: Fazori katika Sakiti ya Mfululizo



Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa pili alibisha hodi ofisini kwangu akiwa na karatasi yenye namba tatu. Maabarani, alikuwa ameunga rezista kubwa ya omu 30 na koili moja kwa mfululizo, kisha akailisha sakiti hiyo umeme wa volti 230, hezi 50. Mita ilisoma volti 128 kwenye rezista na volti 173 kwenye koili. Alizijumlisha akapata 301. "Mwalimu," akasema, "mita imeharibika. Nimebadilisha mbili na zote zinadanganya vilevile."

Mita tatu hazikai kikao zikakubaliana kudanganya. Hata hivyo, hoja yake ilikuwa na mashiko. Tangu mwaka 1845 tunafundisha kanuni ya Kirchhoff: ukiizunguka sakiti yote, jumla ya volteji za vifaa lazima ilingane na volteji ya chanzo. Zile volti 71 za ziada zilitoka wapi? Mhadhara wangu wa leo ni jibu la swali hilo, na jibu lenyewe lina hatua mbili. Kwanza tutachukua koili safi, isiyo na ukinzani wowote, ili njia ionekane. Baadaye tutairudia karatasi ya mwanafunzi, kwa sababu ina jambo jingine limejificha ndani yake.

Tuanze na kile mita inachotuambia. Umeme wa hezi 50 hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, kila mzunguko ukichukua milisekunde 20. Chanzo chetu kinaandikwa hivi:

v(t) = 325 cos(314t)

Hiyo 325 ni kilele cha wimbi, na 314 ni 2π mara 50, yaani kasi ya mzunguko kwa radiani kwa sekunde. Mita haionyeshi kilele. Kwa wimbi la namna hii huonyesha kilele kilichogawanywa kwa 1.414, ndiyo maana tunasoma 230. La muhimu zaidi ni kwamba mita haisemi kilele kimefika saa ngapi. Inatupa ukubwa na kutunyima wakati. Mwanafunzi wangu alijumlisha vilele viwili visivyotokea kwa pamoja.

Kwa nini visitokee pamoja? Rezista ni mtiifu: mkondo ukiwa kileleni, volteji yake nayo iko kileleni. Koili haifuati mkondo wenyewe. Inafuata kasi ya kubadilika kwa mkondo. Mkondo ukiwa kileleni haupandi wala haushuki, kwa hiyo wakati huo volteji ya koili ni sifuri. Mkondo ukipita kwenye sifuri ndipo unabadilika kwa kasi kuliko wakati wote, na hapo volteji ya koili iko kileleni. Hivyo volteji ya koili hutangulia mkondo kwa robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90.

Sasa tunaweza kuandika mlinganyo wa sakiti wenye mkondo na kasi ya kubadilika kwake, kisha tukahangaika na saini na kosaini ukurasa mzima. Wahandisi wa karne ya 19 walihangaika hivyo. Mwaka 1893, kwenye kongamano la umeme la Chicago, Charles Proteus Steinmetz alionyesha kwamba kazi hiyo yote inaweza kufanywa kwa hesabu ya kawaida ya kujumlisha na kugawanya, mradi tukubali kutumia namba changamano.

Wazo lenyewe ni hili. Chukua mshale unaozunguka mara 50 kwa sekunde. Kivuli chake kwenye mstari wa mlalo huenda na kurudi kama wimbi letu. Kila volteji na kila mkondo katika sakiti una mshale wake, na yote inazunguka kwa kasi moja. Ni kama watoto waliokaa kwenye bembea ya kuzunguka: ukiwa chini wanakutia kizunguzungu, lakini ukipanda pamoja nao unawaona wametulia, kila mmoja mahali pake. Fazori ni huo mshale uliotulia. Tunachohifadhi ni mambo mawili tu, urefu wake na pembe yake. Chanzo chetu kinakuwa:

V = 325∠0°

Na ile herufi j inayowatisha wanafunzi ni amri ya gwaride: kushoto, geuka! Kuzidisha kwa j ni kuugeuza mshale nyuzi 90 kwenda kushoto. Ukipewa amri hiyo mara mbili unatazama ulikotoka, na ndiyo sababu j mara j ni −1. Tunatumia j badala ya i kwa kuwa i tumekwisha kuipa mkondo.

Hapo ndipo koili inaporahisika. Volteji yake ni mkondo uliozidishwa kwa ωL na kutangulizwa nyuzi 90. Kwa maneno ya fazori, ni mkondo mara jωL. Koili yetu ina henri 0.127, na 314 mara 0.127 ni takriban 40. Rezista ina omu 30 bila kugeuza kitu. Jumla yake ndiyo impidansi, neno tulilopewa na Oliver Heaviside mwaka 1886:

Z = 30 + j40 = 50∠53.1°

Ukitaka kujua 50 imetokea wapi, muulize fundi wa kujenga nyumba. Anapotaka kona ya msingi iwe mraba, hupima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha huhakikisha kamba ya kukatiza inasoma futi 5. Sisi tumepima 30 kwenda mbele na 40 kwenda kushoto. Mkato ni 50. Pembe inatokana na 40 kugawanywa kwa 30.

Mkondo sasa ni kugawanya tu. Urefu hugawanywa kwa urefu, pembe hutolewa kwa pembe:

I = 325∠0° ÷ 50∠53.1° = 6.5∠−53.1°

Wanafunzi wengi huishia hapa, wakapigia mstari jibu. Bado. Fazori si mkondo. Ni picha ya mkondo. Tukishuka kwenye bembea, lazima turudishe mzunguko tulioufuta:

i(t) = 6.5 cos(314t − 53.1°)

Angalieni mitego miwili ya njiani. Wa kwanza: hapo 314t ni radiani na 53.1 ni nyuzi. Anayetaka thamani ya wakati fulani lazima ageuze moja, la sivyo kikokotoo kitampa jibu la ajabu bila kumwonya. Nyuzi 53.1 ni radiani 0.927. Wa pili: tumeanza na kilele, 325, kwa hiyo 6.5 nayo ni kilele. Aliyeanza na 230 atapata ampea 4.6, ambayo ni sahihi kwa mita, lakini kabla ya kuiweka mbele ya kosaini lazima aizidishe kwa 1.414.

Alama ya kutoa inasema mkondo unachelewa. Nyuzi 53.1 kati ya 360, katika mzunguko wa milisekunde 20, ni karibu milisekunde 3. Huo ni umbali unaoweza kuuona kwa macho kwenye oskiloskopu.

Je, Kirchhoff amesalimika? Volteji ya rezista ina kilele cha 195 kwenye −53.1°, na ya koili ina kilele cha 260 kwenye +36.9°. Wakati t ni sifuri, rezista inatoa 195 mara 0.6, yaani 117. Koili inatoa 260 mara 0.8, yaani 208. Jumla ni 325 kamili, sawa na chanzo. Nendeni kwenye milisekunde ya nane hivi, mkondo unapopita sifuri: rezista ina sifuri, koili ina −260, na chanzo nacho kina −260. Kanuni inatimia kila nukta ya wakati. Kinachokataa kujumlika ni vilele tu, kwa sababu havina miadi ya pamoja.

Sasa turudi kwenye karatasi. Kwa koili safi, mita zingesoma 138 na 184, ambazo pamoja na 230 ni 3, 4 na 5 za fundi, kila moja mara 46. Mwanafunzi hakusoma hivyo. Alisoma 128 na 173. Ukizichukua kama pande za kona ya mraba, mkato wake ni 215, si 230. Kona haijakaa mraba, na fundi akiona hivyo anajua kuna jambo.

Jambo lenyewe ni kwamba koili ni waya, na waya una ukinzani. Sehemu ya zile volti 173 haikugeuka kushoto. Imelala upande mmoja na volteji ya rezista. Tuiite x. Mraba wa 230 basi unazidi jumla ya miraba ya 128 na 173 kwa 2 mara 128 mara x. Ziada hiyo ni 6,587, kwa hiyo x ni karibu volti 25.7. Mkondo ni 128 gawanya kwa 30, yaani ampea 4.27. Ukinzani uliojificha ni omu 6.

Tulipopima koili kwa omumita tulipata omu 5 na ushee. Pengo dogo lililobaki lilikuwa na mwenyewe: kiini cha chuma cha koili hupata moto umeme unapogeuka-geuka, na joto hilo huonekana kwenye sakiti kama ukinzani wa nyongeza ambao omumita, yenye mkondo usiogeuka, haiuoni. Sakiti yake halisi ilikuwa:

Z = 36 + j40 = 53.8∠48°
i(t) = 6.04 cos(314t − 48°)

Kabla sijamaliza, niseme njia hii inaishia wapi. Fazori haijui kilichotokea pale swichi ilipobonyezwa. Kwa sakiti yetu msukosuko huo hufifia ndani ya takriban mzunguko mmoja, lakini ndani ya mzunguko huo mkondo unaweza kupita kilele tulichokokotoa. Aidha, kila mshale ulioandikwa ubaoni umekula kiapo cha kuzunguka kwa kasi moja. Kiini cha chuma kikishiba sumaku, wimbi la mkondo huchongoka, linazaa mawimbi ya kasi nyingine, na bembea yetu moja haitoshi. Oskiloskopu ikionyesha wimbi lisilo la saini, weka kalamu chini kwanza.

Siku ile ya mwanafunzi wangu wimbi lilikuwa safi. Tulipima ucheleweshaji kwenye kioo cha oskiloskopu tukapata milisekunde 2.7 hivi, ambazo ni nyuzi 48. Akaichukua karatasi yake, akafuta neno "mbovu" aliloandika kando ya mita, na mahali pake akaandika "omu 6".