Maneno Mia Mbili Kabla ya Chai

Msikilizaji mwanafunzi wa uzamili, tuseme imebaki sura ya nne, matokeo ya utafiti, kama maneno 6,000. Ukiandika maneno 200 kwa siku, siku tano kwa wiki, rasimu inakamilika kwa wiki sita. Maneno 200 ni aya moja au mbili tu, na hata mwalimu mwenye vipindi hakosi nusu saa alfajiri.

Kazi huanza jana yake. Usiku, kabla ya kufunga daftari, andika swali moja la kujibu kesho, kwa mfano: "Kwa nini akina mama wa kijiji cha pili waliacha kwenda kliniki?" Asubuhi unajibu swali hilo, huanzi kwa kukodolea macho ukurasa mtupu. Ukikwama kwenye rejea, weka alama XX uendelee. Ukienda kutafuta makala moja, saa nzima imekwenda. Alama hizo zote zishughulikie Jumamosi, pamoja na kusahihisha.

Hesabu maneno yako mwenyewe tu, si nukuu za wahojiwa. Ukiona idadi inapanda lakini hakuna sentensi inayoeleza nukuu ina maana gani, hapo unanakili, na msimamizi atairudisha sura.

Na siku ukiuguliwa na mtoto? Kesho yake andika maneno 200 yaleyale. Usijidai 400, maana deni la maneno ndilo linalowafanya wengi waikimbie tasnifu mwezi mzima.