Kumlisha Mtoto Anapougua na Siku 14 Baada ya Kupona

Ndugu wahudumu wa afya ya jamii na maafisa wa lishe wa Meru na Embu,

Sote tumekuwa tukiwaambia akina mama maneno mawili: mtoto akiugua mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi, na akipona mwongeze mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Neno la kwanza husikika, ingawa halifuatwi vizuri. La pili hupotea, kwa kuwa homa ikishashuka nyumba inarudi kwenye kazi zake na hakuna anayekumbuka kwamba mtoto bado ana deni la mwili. Nadhani yote mawili hayafuatwi kwa sababu hatuyatoi kwa hesabu, na leo ningependa tuifanye hesabu hiyo pamoja.

Tuchukue mfano wa msichana wa miezi 14, mwenye kilo 8.8 kwenye kijitabu chake cha kliniki. Bado ananyonya. Akiwa mzima anakula milo mitatu, kila mlo robo tatu ya kikombe cha mililita 250, na katikati anapewa ndizi au kipande cha parachichi. Robo tatu ya kikombe ni kama vijiko 12 vya mezani, kwa hiyo milo mitatu ni vijiko 36. Sasa amepata nimonia, amepewa dawa kwenye zahanati na kurudishwa nyumbani. Hamu ya kula imekufa. Kila akilishwa anameza vijiko 4, kisha anageuza uso.

Familia ikishikilia milo mitatu ya kawaida, atapata vijiko 12 kwa siku, yaani theluthi moja ya chakula chake, na hapo homa yenyewe inamfanya atumie nguvu nyingi kuliko siku zote. Mwili unachukua kinachopungua kutoka kwenye misuli. Lakini vijiko hivyo 4 vikitolewa kila baada ya saa mbili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, ni mara 8, na jumla yake ni vijiko 32. Mtoto hajalazimishwa kula zaidi kwa mara moja, ila amekaribia chakula chake cha kawaida. Ndiyo maana tunasema mara nyingi.

Kumshika kwa nguvu na kummiminia kunaweza kumpalia, na baada ya hapo anaogopa hata kuona kijiko. Asafishwe pua kwanza, kwani mtoto aliyeziba pua hawezi kunyonya wala kutafuna huku akipumua. Mtazameni mdomoni kama ana vidonda. Apakatwe akiwa ameketi wima, alishwe taratibu, na akikataa apumzishwe kidogo halafu ajaribiwe tena. Ziwa apewe mara nyingi kuliko kawaida, mchana na usiku, kwa sababu mara nyingi mtoto hukubali maziwa ya mama hata pale anapokataa chakula. Aliye chini ya miezi 6 haongezewi kitu kingine. Dawa yake ya lishe ni kunyonya zaidi.

Vijiko vyenyewe viwe na kitu ndani. Tumbo la mtoto huyu linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, na uji wa wimbi wa kunywa, ule unaotiririka, unalijaza maji. Uji wa kumlisha mgonjwa unapaswa kukaa kwenye kijiko bila kumwagika, ukiwa umepikwa kwa maziwa au kuongezwa kijiko cha chai cha mafuta. Mtoto akishindwa kumeza uji mzito, kuna njia ya kimea: wimbi huloweshwa, huachwa likachipua, hukaushwa na kusagwa. Kijiko cha chai cha unga huo kikikorogwa kwenye kikombe cha uji mzito uliokwisha kuiva, uji unalainika na kuwa mwepesi bila kuongezwa maji. Lazima urudishwe jikoni uchemke tena kabla ya kumpa mtoto. Chai ya rangi na soda zinamshibisha bure.

Kinachovuruga ratiba kwetu ni kazi. Mama anatoka alfajiri kuchuma majani chai, au familia nzima iko kwenye miraa kule Nyambene, na mtoto anabaki na nyanya yake. Mafundisho yote tulimpa mama kwenye zahanati. Nyanya ndiye anayeshika kijiko. Kwa hiyo mwendeeni nyanya, mketi naye, mhesabu naye mara hizo 8, na mfungamanishe kila moja na jambo analolifanya kila siku: kukama, kuwasha moto, kuleta mbuzi nyumbani.

Sasa tuje kwenye zile siku 14. Msichana wetu amepona, anacheza, lakini mizani inasema kilo 8.4. Amepoteza gramu 400. Kujenga gramu moja ya mwili kunahitaji takriban kilokalori 5 juu ya matumizi ya kila siku, hivyo deni lake ni kama kilokalori 2,000. Nusu kikombe cha viazi vilivyopondwa, yai moja na kijiko cha chai cha mafuta hufika kilokalori 200 na kidogo. Mlo huo mmoja wa ziada unalipa deni kwa siku 10. Lakini watoto wenzake hawakumngoja. Katika siku hizo hizo alipaswa pia kuongeza uzito wa kawaida wa umri wake. Zile siku 4 za juu ndizo zinazomrudisha kwenye mstari wake wa kijitabu. Ni makadirio, na yanasimama tu ikiwa milo mitatu ya kawaida imerudi kamili. Mlo wa nne ukichukua nafasi ya wa tatu, hakuna kilicholipwa.

Bahati nzuri, mtoto anayepona huwa na njaa kali kwa siku kadhaa. Njaa hiyo isipite bure.

Yai nimelitaja kwa makusudi. Kati ya 1998 na 2000, watafiti wakiwamo Profesa Nimrod Bwibo na Daktari Charlotte Neumann waliwapa wanafunzi wa Embu githeri. Kundi moja likaongezewa nyama, jingine maziwa, jingine mafuta. Waliopewa nyama ndio waliojenga misuli ya mkono zaidi. Wale walikuwa watoto wa shule, si wachanga, lakini mwili unaojengwa upya unahitaji vitu vilevile: yai, maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi, au unga wa omena uliotwangwa ukachanganywa kwenye mukimo laini.

Kwa mtoto aliyeharisha, hesabu ina tahadhari. Sehemu ya uzito aliopoteza ni maji, na hurudi kwa siku moja au mbili za kunywa maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Msimpime akiwa amekauka, mkafurahi kesho yake kwamba amenenepa. Mpimeni baada ya maji kurudi, na asiachie njiani vidonge vyake vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Siku ya 14 mtoto apimwe kwenye mizani ileile, akiwa na nguo nyepesi. Utepe wa mkono hautoshi hapa, kwa sababu husogea polepole. Lakini ukisoma chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili ikiwa imevimba, mlo wa ziada umeshapitwa: apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa mgonjwa asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea asiamke vizuri.

Akiwa hana hayo yote na bado hajaongezeka, ulizeni kwanza kama mlo wa ziada ulipatikana kweli. Kule Mbeere na Tharaka, kabla ya mavuno, ghala huwa tupu, na familia hiyo inahitaji kuunganishwa na msaada wa chakula, si kufundishwa upya. Kama chakula kilikuwepo na alikila, basi kuna ugonjwa uliojificha. Apelekwe akachunguzwe kifua kikuu, virusi vya ukimwi na minyoo, na barua ya rufaa iandike uzito wa kabla ya ugonjwa, wa siku aliyopona, na wa siku ya 14.