Pedi ya Kitambaa Ikauke Hadi Ndani
Maelezo ya mhudumu wa afya ya jamii kwa wakazi wa kata



Wanaoziacha pedi za kitambaa hulalamikia harufu na muwasho. Lawama hupewa kitambaa, ilhali mara nyingi chanzo ni unyevu uliobaki ndani yake. Tabaka tano au sita zikishonwa pamoja, pedi huwa imara, lakini jua huikausha juu tu. Katikati hubaki mbichi, na humo vijidudu na ukungu huzaliana.

Kwa hiyo pedi ya nyumbani ishonwe kwa vipande viwili. Cha kwanza ni mfuko mwembamba wa pamba, mathalani kanga iliyolainika, wenye urefu wa sentimita 25 hivi na mabawa mawili yanayofungwa kwa kishikizo chini ya chupi. Ncha moja huachwa wazi. Cha pili ni kipande cha taulo kuukuu, sentimita 25 kwa 24, kinachokunjwa mara tatu na kuingizwa mfukoni. Kikisha kufuliwa hukunjuliwa, na upepo hukipitia pande zote.

Chukueni mfano wa nyumba inayopata ndoo moja ya lita 20 kwa siku, yenye binti aliyetumia pedi tatu. Kwanza azitenganishe na kuziloweka nusu saa katika maji baridi, lita moja na nusu. Maji ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi, na doa huwa gumu kutoka. Kisha azifue kwa sabuni ya mche katika lita moja na nusu nyingine, na azisuuze kwa lita mbili hadi povu liishe. Suuzo hilo lisirukwe kwa kubana maji, maana sabuni iliyobaki nayo huwasha. Jumla ni lita tano. Maji ya suuzo yafaa kulowekea pedi za jioni. Yale ya kwanza yamwagwe chooni.

Ugumu mkubwa uko kwenye kuanika. Kwa kuona haya, wengi huzificha chini ya godoro, mahali pasipo jua wala hewa. Hapa akina baba wana wajibu: kamba moja uani, mahali penye jua. Anayetaka sitara atandaze juu yake kanga moja nyepesi, si kitenge kizito. Wakati wa masika, zipigwe pasi ya mkaa pande zote mbili.

Kabla ya kuhifadhi, taulo ligusishwe shavuni. Likihisiwa ubaridi, bado lina maji, lirudi kambani. Zilizokauka zikae katika mfuko safi wa kitambaa. Mfuko wa plastiki ni wa kubebea iliyotumika kutoka shuleni, nayo itolewe mara tu binti afikapo nyumbani.

Muwasho usiokoma, au uchafu wenye harufu mbaya, uonwe zahanati.