Jicho Linaloona Vizuri Nalo Lahitaji Kupimwa
Mazungumzo kwa wakazi wa Syokimau wanaoishi na kisukari



Chukueni mfano wa mama mwenye duka karibu na kituo cha reli cha Syokimau. Ana miaka 51 na ameishi na kisukari miaka 8. Anasoma ujumbe wa M-Pesa bila miwani, kwa hiyo anaamini macho yake ni mazima. Mwaka jana alipimwa katika duka la miwani, akasoma herufi zote ukutani na kuambiwa hahitaji miwani.

Kipimo kile kilikuwa sahihi, lakini kilijibu swali jingine. Herufi za ukutani huonyesha jinsi mtu anavyoona siku hiyo. Hazionyeshi hali ya retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Sukari ikikaa juu kwa miaka, hudhoofisha mishipa midogo ya damu ya utando huo, na mwenye jicho hahisi maumivu yoyote.

Uharibifu huo huenda kwa hatua. Kwanza kuta za mishipa hutokeza vivimbe vidogo kama vichwa vya pini. Baadaye mishipa huvuja damu na mafuta, na mingine huziba. Ikiziba mingi, hatua huitwa kali, na takriban nusu ya macho yaliyofika hapo huingia hatua ya mwisho ndani ya mwaka mmoja. Katika hatua hiyo, retina iliyokosa damu huotesha mishipa mipya isiyo imara. Mishipa hiyo hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, au huota makovu yanayoivuta retina hadi ibanduke. Isitoshe, katika hatua yoyote, sehemu ya katikati ya retina inaweza kuvimba, na hapo kusoma na kutambua nyuso huwa vigumu.

Mama huyu alipokwenda kliniki ya macho, alitiwa matone ya kupanua mboni, akasubiri kama nusu saa. Mboni ndogo ni kama tundu la ufunguo: chumba chote hakionekani. Ilipopanuka, daktari aliona kuwa jicho la kulia limefika hatua kali, na la kushoto tayari lina mishipa mipya. Macho yote mawili bado yalisoma herufi za ukutani. Kama angesubiri dalili, dalili ya kwanza ingeweza kuwa madoa meusi yanayoelea, au giza la ghafla.

Jicho la kushoto lilitibiwa kwa leza. Baada ya dawa ya kutia ganzi, mwanga huchoma nukta mamia kwa mamia pembezoni mwa retina, mara nyingi kwa ziara mbili au zaidi. Sehemu iliyochomwa haidai damu tena, na mishipa mipya hunywea. Gharama yake ni kwamba uwezo wa kuona pembeni na usiku unaweza kupungua. Leza haikusudiwi kurudisha uwezo uliopotea bali kulinda uliobaki.

Miezi kadhaa baadaye katikati ya jicho la kulia palivimba, akaanza kudungwa sindano. Dawa huingizwa ndani ya jicho lililotiwa ganzi, ili kuzuia mishipa isivuje. Kwa kawaida huanza kila mwezi kwa miezi kadhaa, kisha hupunguzwa kulingana na jicho linavyoitikia. Nguvu ya dawa huisha, hivyo anayekatiza sindano anaweza kupoteza jicho akidhani amepona. Ndiyo sababu mgonjwa mwenye mishipa mipya asiyeweza kurudi mara kwa mara humfaa zaidi leza, ambayo kazi yake hudumu. Baada ya sindano, jicho likiuma zaidi, likiwa jekundu na kuona kukipungua, arudi hospitalini siku hiyo hiyo, kwa maana huenda ni maambukizi.

Mwenye kisukari cha aina ya pili hupimwa mara tu ugonjwa unapogunduliwa, kwa kuwa huenda umekaa mwilini miaka bila kujulikana. Wa aina ya kwanza huanza ndani ya miaka 5. Baada ya hapo ni kila mwaka, au mapema zaidi daktari akiona dosari. Mwenye kisukari anayepata mimba hupimwa mapema katika ujauzito.

Siku ya kipimo, gari libaki nyumbani: kwa saa kadhaa mwanga utaumiza macho na maandishi ya karibu yatafifia. Njoo na mtu wa kukushika mkono, kofia au miwani ya jua, na kadi yako ya kisukari. Ukifika, uliza swali moja: "Je, nitatiwa matone ya kupanua mboni?" Jibu likiwa hapana, uliza retina itachunguzwa kwa njia gani.